Kulainisha Mara Tatu: Jinsi TRIX Inavyonunua Utulivu kwa Siku

Hisa imekuwa ikifungwa kwa shilingi 100 kwa wiki kadhaa. Leo, bila tangazo lolote kutoka kwa kampuni, imefungwa kwa 116. Mwenye hisa ana swali moja tu: hii ni bei mpya, au kuna mtu aliyekuwa na haraka ya kununua dakika za mwisho, na kesho mambo yatarudi palepale? Kwa tarakimu ya leo peke yake, swali hilo halina jibu. Kipimo chochote cha chati kinachodai kuchuja kelele ya bei hulijibu kwa njia ile ile: kinasubiri. Tofauti ni muda wa kusubiri, na kinachofanyika wakati wa kusubiri.

Kipimo kiitwacho TRIX kinasubiri kwa makusudi, tena kwa hatua tatu. Kilitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Mmarekani Jack Hutson, mhariri wa jarida la uchambuzi wa chati za hisa na bidhaa. Leo kimo katika programu nyingi za chati, ikiwemo MetaTrader 5 ambayo watu wengi wa Nairobi na Dar es Salaam wanaitumia kwenye simu zao. Wengi huwasha mstari huo, wanaona unapanda na kushuka juu na chini ya sifuri, kisha wanaanza kununua na kuuza. Ni wachache wanaojua kwamba mstari ule laini unawasimulia habari za takriban wiki nne zilizopita.

Kiini cha TRIX ni wastani ambao kumbukumbu yake inafifia. Wastani wa kawaida wa siku 15 huzipa siku zote 15 uzito sawa, halafu siku ya 16 hutupwa nje ghafla. Huu wa kufifia hautupi siku yoyote. Kila jioni unachukua wastani wa jana, unautazama umbali uliopo kati yake na bei ya leo, kisha unasogea sehemu tu ya umbali huo. Sehemu hiyo ni 2 kugawanya kwa idadi ya siku ulizochagua ukiongeza 1. Ukichagua siku 15, ambazo hutumika sana kwa TRIX, unapata 2 kwa 16, yaani moja ya nane. Kwa hiyo kila siku wastani unapunguza moja ya nane ya pengo lililopo. Bei ya leo ina uzito mkubwa kuliko zote, ya jana inapungua kidogo, ya juzi zaidi, na ya mwaka jana ni kama haipo.

TRIX inaurudia mchakato huo. Wastani wa kwanza unatokana na bei, wa pili unatokana na wastani wa kwanza, na wa tatu unatokana na wa pili. Mwishoni inauliza: wastani wa tatu umebadilika kwa asilimia ngapi tangu jana? Ukiandikwa, mchakato wote ni huu:

```
a  = 2 / (N + 1)
E1 = E1_jana + a * (Bei - E1_jana)
E2 = E2_jana + a * (E1  - E2_jana)
E3 = E3_jana + a * (E2  - E3_jana)
TRIX = 100 * (E3 - E3_jana) / E3_jana
```

TRIX ikiwa juu ya sifuri, wastani wa tatu unapanda. Ikiwa chini, unashuka. Na pale inapokatiza sifuri, wastani huo umegeuka. Hutson alianza na logi ya bei badala ya bei yenyewe, lakini kwa mabadiliko madogo ya kila siku matokeo yanakaribiana sana.

Turudi sasa kwenye hisa yetu ya shilingi 100. Ili hesabu ifanyike kichwani, tuchague siku 3, ambapo wastani husogea nusu ya pengo kila siku. Bei imeruka hadi 116. Wastani wa kwanza unasogea nusu ya pengo la 16 na kufika 108. Wa pili unaona 108, unasogea nusu ya 8 na kufika 104. Wa tatu unafika 102. Mruko wa shilingi 16 umeingia mlango wa kwanza na kutoka mlango wa tatu ukiwa shilingi 2.

Tuseme ilikuwa kelele tu, na kesho bei inarudi 100 na kutulia hapo. Wastani wa kwanza ulifika kilele cha 108 siku ile ile ya mruko. Wa tatu unaendelea kupanda taratibu: 102, kisha 103, 103 tena, 102.5, na kuendelea kushuka. Kilele chake ni shilingi 3 tu juu ya 100, lakini kinafika siku ya pili na ya tatu, wakati bei imekwisha kusahau yaliyotokea. Kelele imepungua kutoka 16 hadi 3, na kile kidogo kilichobaki kimechelewa.

Tuseme sasa haikuwa kelele. Bei imepanda kweli na inabaki 116 siku zote. Wastani wa kwanza unaenda 108, 112, 114, 115. Wa tatu unaenda 102, 105, 108, 110.5. Wa kwanza umefika nusu ya safari siku ya kwanza. Wa tatu umefika nusu siku ya tatu.

Tazama siku ya kwanza katika simulizi zote mbili. Wastani wa tatu ni 102 kwa kelele na 102 kwa ukweli, na TRIX inasoma asilimia 2 kwa zote mbili. Lazima iwe hivyo, kwa kuwa siku ile habari zilizopo ni zilezile. Njia zinaanza kutengana siku ya pili, 103 upande mmoja na 105 upande mwingine, na kufikia siku ya nne ni 102.5 dhidi ya 110.5. Ucheleweshaji ambao watu huulaumu ndio muda ambao ushahidi unakusanyika. Fomula isiyochelewa kabisa ingelazimika kuamini kila mruko.

Kuna njia rahisi ya kukadiria ucheleweshaji huo. Bei inapopanda kwa mwendo uleule kila siku, wastani mmoja unaofifia huifuata nyuma kwa nusu ya idadi ya siku zake ukitoa moja. Kwa siku 15, hiyo ni siku 7. Wastani wa pili unafuata wa kwanza kwa siku 7 nyingine, na wa tatu kwa 7 zaidi. Jumla ni siku 21 za soko, na kwa kuwa soko hufungwa Jumamosi na Jumapili, huo ni takriban mwezi mzima wa kalenda.

Hapo msomaji makini atauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kitovu cha habari yote hii. Kama nimekubali kuchelewa siku 21, kwa nini nisitumie wastani mmoja mzito unaochelewa siku hizohizo 21? Upo: ni wastani mmoja wa siku 43. Kwa nini nijisumbue na mara tatu?

Tulinganishe. Chukua bei ambayo thamani yake ya kweli haibadiliki, lakini kila siku inakosea juu au chini kwa kiasi cha kawaida cha shilingi moja, na kosa la leo halina uhusiano na la jana. Wastani mmoja wa siku 43 utatikisika kwa takriban senti 15. Wastani wa tatu wa siku 15 utatikisika kwa takriban senti 16. Yaani kwa kuonyesha bei iko wapi, kulainisha mara tatu hakukupi faida yoyote; hata kunapitwa kidogo.

Lakini TRIX haionyeshi bei iko wapi. Inaonyesha mteremko, tofauti ya leo na jana, na kutoa namba moja katika nyingine ni kitendo kinachokuza kelele. Sehemu kubwa ya leo na ya jana inafanana na kufutana, kinachobaki ni mitikisiko. Pima mteremko wa siku hadi siku kwa njia zote mbili: ule wa wastani mmoja wa siku 43 unatikisika kwa senti 4.6, na ule wa wastani wa tatu unatikisika kwa senti 1.2. Ucheleweshaji ni uleule, ila mteremko umetulia karibu mara nne zaidi. Kama hisa inapanda kweli kwa senti 2 kwa siku, mwendo huo unazama ndani ya mitikisiko ya kwanza, na unaonekana katika ya pili. Hutson alitaka kusoma mteremko, na mteremko ndio unaohitaji chujio la mara tatu.

Sababu yake iko katika jinsi wastani mmoja unavyoipokea bei mpya. Bei ya leo ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote, kwa hiyo mruko wa leo unauingia mteremko kwa kishindo siku hiyohiyo. Katika wastani wa tatu, bei ya leo inaingia na uzito mdogo sana, uzito huo unakua siku baada ya siku hadi kilele, kisha unafifia. Hakuna mahali ambapo bei inaingia au kutoka ghafla, na mteremko unakosa sababu ya kushtuka.

Kelele iliyo mashuhuri kuliko zote katika masoko madogo inaonyesha vizuri nguvu hii. Mnunuzi anatoa 20.00, muuzaji anataka 20.30, na thamani ya kampuni haijabadilika hata kidogo. Jumatatu biashara ya mwisho inafanyika kwa bei ya muuzaji, Jumanne kwa bei ya mnunuzi, Jumatano kwa ya muuzaji tena. Kwenye chati bei inarukaruka senti 30 kila siku. Mruko wa namna hii wa kupishana siku kwa siku hupunguzwa na wastani mmoja wa siku 15 hadi sehemu ya 15 ya ukubwa wake, kwa hiyo senti 30 zinakuwa 2. Wa pili unagawanya tena kwa 15, na wa tatu tena. Baada ya mara tatu, zimebaki chini ya moja ya mia ya senti. Wimbi la polepole linalochukua siku 100 kupanda na kushuka, kwa upande mwingine, linapita milango yote mitatu na kubaki na karibu robo tatu ya ukubwa wake. Mawimbi mafupi yanazimwa, marefu yanaruhusiwa.

Sasa gharama, kwa shilingi. Hisa imepanda shilingi 2 kila siku ya soko kwa miezi mingi hadi 400, kisha inaanza kushuka shilingi 2 kila siku. TRIX ya siku 15 itakatiza sifuri lini? Inapaswa kusubiri hadi uzito wa siku za kushuka uzidi uzito wa siku za kupanda zilizo bado kwenye kumbukumbu yake, na hilo linatokea siku ya 20 ya kushuka. Wakati huo bei ni 360. Mwenye kuuza kwa ishara hiyo amepoteza asilimia 10 kutoka kileleni, na kwa ishara ya kununua upande wa chini atachelewa vivyo hivyo.

Wengine hujifariji kwamba anguko likiwa kali, ishara itawahi. Ni kweli nusu tu. Badilisha mfano: kupanda ni shilingi 2 kwa siku, lakini kushuka ni shilingi 6. Sasa TRIX inakatiza sifuri siku ya 12 badala ya ya 20. Lakini katika siku hizo 12 bei imeanguka shilingi 72, hadi 328. Ishara imewahi kwa siku na imechelewa kwa fedha. Kwa anguko la siku moja au mbili, kama lile la soko la New York la Oktoba 19, 1987, kipimo hiki hakina msaada, kwa sababu kila kitu kinamalizika kabla hakijaanza kuinama.

Ili kuwahi, watumiaji wengi huongeza mstari wa pili, ambao ni wastani wa siku 9 wa TRIX yenyewe, na kutenda pale mistari miwili inapopishana badala ya kusubiri sifuri. Mistari hiyo hupishana muda mfupi baada ya TRIX kufika kilele, kwa hiyo ishara huja mapema. Lakini kilele cha TRIX kinamaanisha tu kwamba mwendo wa kupanda umepungua kasi. Hisa inayopumzika wiki mbili kabla ya kuendelea kupanda itatoa ishara hiyohiyo.

Wapo pia waliojaribu kuufuta ucheleweshaji wenyewe. Mwaka 1994 Patrick Mulloy alichapisha wastani unaoitwa TEMA, ambao hutumia wastani walewale watatu kwa namna nyingine: mara tatu ya wa kwanza, toa mara tatu ya wa pili, ongeza wa tatu. Majina yanafanana na TRIX kiasi kwamba watu huvichanganya, ilhali kazi zao zinapingana. Ujaribu kwenye hisa yetu siku ya mruko. Wastani wa kwanza uko 8 juu ya 100, wa pili 4, wa tatu 2. Mara tatu ya 8 ni 24, toa 12, ongeza 2: jibu ni 14. Siku ya kwanza kabisa TEMA imepanda 14 kati ya 16, karibu haijachelewa. Lakini imepanda 14 hata kama ule mruko ulikuwa kelele. Ucheleweshaji ulipotolewa, kelele ilirudi nao.

Kuna kasoro nyingine ya kimyakimya, na ni rahisi kuigundua. Wastani unaofifia lazima uanzie mahali fulani, na programu nyingi huanza kwa kuuweka sawa na bei ya kwanza iliyopo kwenye data. Kwa kulainisha mara tatu kwa siku 15, baada ya siku 30 za soko ile bei ya kwanza bado inabeba asilimia 22 ya wastani wa tatu. Baada ya siku 60 imebaki asilimia 1 hivi. Kwa hiyo hisa iliyoorodheshwa mwezi uliopita haina TRIX ya kuaminika, hata kama skrini inachora mstari mzuri. Ukitaka kuhakikisha, pakia chati ileile kuanzia tarehe mbili tofauti. Mahali mistari inapoanza kulala pamoja ndipo unapoweza kuanza kuisoma.

Nimesema kelele ya leo haina uhusiano na ya jana, na kwamba bei inarudi mahali pake. Hapo ndipo panahitaji uangalifu mkubwa. Kurukaruka kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji kuna tabia hiyo. Mabadiliko mengi ya bei za hisa na sarafu hayana. Bei ikipanda leo kwa sababu isiyotabirika, mara nyingi mabadiliko ya kesho huanzia pale ilipofika, na si pale ilipotoka. Katika mwendo wa namna hiyo hakuna thamani tulivu iliyofichwa chini ya kelele, na chujio halina cha kuchuja. Hata hivyo litachora kitu.

Mwaka 1927 mtakwimu Eugen Slutsky, aliyekuwa Moscow, alionyesha jambo hilo kwa namna ambayo kila mtumiaji wa chati angepaswa kuijua. Alichukua namba za bahati nasibu ya serikali, ambazo kwa maumbile yake hazina mpangilio, akazijumlisha kwa mafungu yanayosogea, kitendo cha familia moja na kulainisha. Yakatokea mawimbi yanayopanda na kushuka, yakifanana na mizunguko ya biashara ambayo wachumi wa wakati ule walikuwa wakitafuta sababu zake. Mawimbi yalitengenezwa na kujumlisha kwenyewe. TRIX hulainisha mara tatu kisha huchukua mteremko, kwa hiyo ina uwezo mkubwa wa kufanya hivyo: ipe mabadiliko ya bahati nasibu na itakupa mawimbi ya kupendeza, yenye vilele, mabonde na makatizo ya sifuri.

Kwa hiyo ulaini wa mstari hauwezi kutumika kama ushahidi kwamba soko lina mwelekeo. Ushahidi unatafutwa kwingine, na mtu mwenye jedwali la kompyuta anaweza kuutafuta jioni moja. Chukua bei za kufunga za miaka mitano za hisa unayoifuatilia, geuza ziwe mabadiliko ya asilimia ya kila siku, kisha yachanganye ovyo, kama karata. Jenga upya bei kutoka kwenye mpangilio huo mpya. Bei itaanza na kuishia palepale, na itakuwa na siku zilezile nzuri na mbaya, ila mwelekeo wowote wa kweli utakuwa umevunjwa. Chora TRIX juu yake na ufuate kanuni yako ya kununua na kuuza, ukitoa ada ya dalali kila mara. Rudia kwa michanganyo mia kadhaa, kisha tazama faida ya kanuni hiyo kwenye bei halisi iko wapi miongoni mwa faida za bei zilizochanganywa. Ikiwa katikati ya kundi, makatizo yote uliyoyaona kwenye skrini ni yale mawimbi ya Slutsky, na zile siku 21 ulizisubiri bure.